Funga oda kwa hesabu ya mikoba, si kwa tarehe peke yake

*Dada mshauri, shikamoo. Natengeneza mikoba ya ngozi kwa oda. Nakata, nashona kwa mkono na kupiga jina la mteja kwenye ngozi. Nafanya kazi peke yangu, wateja wananipata mtandaoni na mizigo naituma kwa msafirishaji. Mwaka mzima huwa nawaambia wateja "siku 7" na mambo yanakwenda. Msimu uliopita wa mwisho wa mwaka nilipokea oda 61, na katika siku 19 za kazi nikatoa mikoba 38. Iliyobaki ilinitoa jasho. Dada mmoja alitaka kumpa mama yake mkoba siku ya sikukuu, ukafika siku tatu baadaye, akanianika mbele ya wafuasi wake. Rafiki yangu ananishauri mwaka huu nitangaze tarehe ya uongo, wiki nzima kabla ya ile ya kweli, ili wateja waharakishe. Mwingine ananiambia nisitangaze tarehe kabisa, maana wateja watakimbilia kwingine. Na wale wanaokuja dakika za mwisho wakitaka kulipa zaidi, niwapokee? Nichague tarehe gani, na niwaambie nini wateja?*

*Mshona mikoba*

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki zako wote wawili wanabishania tarehe, na mambo yako hayakuharibikia kwenye tarehe. Yaliharibikia mezani pa kazi. Gawanya 38 kwa 19, utapata mikoba 2 kwa siku. Kwa kasi hiyo, oda 61 zinataka siku 31 za kazi. Kwa hiyo hata kama ungefunga mapema kiasi gani, ukishazipokea zote 61 ungekuwa umeahidi mikoba ambayo mikono yako haikuwa na siku za kuitengeneza. Tarehe ya kufunga bila hesabu ya vipande ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyokuanika.

Nina hakika ukiulizwa kwa haraka unatoa mikoba mingapi kwa siku, utasema mitatu. Fundi yeyote huikumbuka siku yake nzuri: ngozi imeshakatwa, uzi umeshatiwa nta, simu haiiti. Ila msimu hauna siku kama hiyo. Asubuhi unajibu ujumbe, mchana unafunga mizigo, jioni unarudia jina ulilolipiga kwa herufi moja pungufu. Ndiyo maana nakuomba uanze na namba ya msimu wenyewe, sio namba ya mwezi mtulivu. Mwenye namba hiyo hana haja ya kukisia, na wewe unayo: 2.

Kuna namba nyingine unayohitaji, nayo ni muda ambao mkoba mmoja unakaa kwako tangu unapoukata mpaka unapoweza kuufunga. Watu huichanganya na saa za kazi. Saa za kazi zinaweza kuwa chache tu, lakini rangi ya kingo haijali saa zako. Unapaka mkono wa kwanza, unasubiri ukauke, unapitisha msasa laini, unapaka wa pili, na mara nyingi wa tatu. Ukipaka mkono wa pili juu ya rangi mbichi, itajikunja na baadaye itabanduka pale ngozi inapopinda. Ukifunga mkoba kabla rangi haijakauka kabisa, karatasi ya kufungia itang'ang'ania kingo, na mteja akifungua atakuta manyuzinyuzi yamegandia. Kipimo chake ni rahisi: bana kipande cha karatasi kwenye kingo kwa kidole gumba, ukivute. Kikitoka kwa kusitasita, mkoba haujawa tayari. Kwa kazi kama yako nitachukua siku 3 kutoka kukata hadi kufunga. Wewe pima ya kwako, na upime siku za unyevunyevu pia, maana rangi huchelewa kukauka.

Sasa tuchukue kalenda. Nitatumia Desemba ya 2026, ambayo tarehe 25 inaangukia Ijumaa. Tutaanza na siku ambayo mteja anahitaji mkoba uwe mkononi, kisha turudi nyuma. Wengi hufanya kinyume: huanza na leo, wakaongeza siku 7, wakatumaini.

Siku ya mkononi sio siku ya sikukuu. Mtu anayetoa zawadi tarehe 25 anataka kuiona, kuikagua na kuifunga, na wengi husafiri tarehe 24. Weka Jumatano tarehe 23. Kama unahesabia sikukuu inayofuata mwezi kuandama, kama Idi, na siku zinazowezekana ni mbili, chukua ile ya mapema, kisha urudi nyuma kutoka hapo.

Kabla ya siku ya mkononi kuna siku za msafirishaji, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wauzaji wengi waaminifu hujikuta wamedanganya bila kukusudia. Msafirishaji akisema siku 2 hadi 4, kwanza anamaanisha siku za kazi. Pili, siku uliyompa mzigo kwa kawaida haihesabiwi, hesabu inaanza kesho yake. Tatu, kuna saa ya mwisho ya kupokea, na mzigo uliofika dakika kumi baada ya saa hiyo umeshaingia kwenye hesabu ya kesho. Nne, wasafirishaji wengi huondoa dhamana ya muda wakati wa msimu, maandishi yake yakiwa chini kabisa ya ukurasa. Wengi pia hutangaza kila mwaka tarehe yao ya mwisho ya kupokea mizigo itakayofika kabla ya sikukuu. Itafute hiyo, lakini ichukue kama mpaka wa nje tu. Ni tarehe ya mzigo usiopatwa na lolote njiani.

Kipimo cha kweli kiko kwenye simu yako. Fungua mazungumzo ya msimu uliopita, andika siku uliyokabidhi kila mzigo na siku mteja alipokuandikia "umefika". Tuseme umepata mizigo 20 yenye tarehe zote mbili. Minne ilifika siku ya 2, saba siku ya 3, mitano siku ya 4, miwili siku ya 6, mmoja siku ya 8 na mmoja siku ya 11. Ukitafuta wastani utapata siku 4 kamili, na utashawishika kuandika "siku 4". Hesabu tena. Ndani ya siku 4 ilifika mizigo 16. Minne haikufika. Ukiahidi kwa wastani, umekubali mapema kwamba mteja mmoja kati ya watano atalia. Sasa ipange mizigo kutoka wa haraka hadi wa kuchelewa, uhesabu mpaka wa 18. Huo ulichukua siku 6. Basi kwa msimu namba yako ni 6, na ile miwili ya mwisho ndiyo sababu hutaandika neno "uhakika" popote.

Kama unatuma sehemu za karibu na za mbali sana, usizichanganye kwenye orodha moja. Mizigo ya karibu itaficha ucheleweshaji wa ile ya mbali. Tengeneza orodha mbili, na ikibidi utangaze tarehe mbili.

Turudi kwenye kalenda. Msafirishaji wetu hafanyi kazi Jumamosi na Jumapili. Mzigo ufike Jumatano tarehe 23 ukiwa siku ya 6. Siku ya 5 ni Jumanne tarehe 22, ya 4 ni Jumatatu tarehe 21, ya 3 ni Ijumaa tarehe 18, ya 2 ni Alhamisi tarehe 17, ya 1 ni Jumatano tarehe 16. Kwa hiyo unaukabidhi si zaidi ya Jumanne tarehe 15, kabla ya saa ya mwisho ya kupokea.

Je, mkoba wa mwisho utoke mezani tarehe 15 hiyo hiyo? Hapana. Unahitaji siku za akiba. Katika msimu kitu kimoja lazima kitakwama: umeme, mtoto kuumwa, bakoli la rangi kumwagika. Mkoba wa mwisho utoke mezani Ijumaa tarehe 11. Jumamosi tarehe 12 na Jumatatu tarehe 14 ni akiba, ambazo pia utazitumia kufunga mizigo na kukagua majina. Siku hizi haziuzwi. Ukianza kuzigawa kwa wateja wa dharura, siku ya dharura yako mwenyewe utakuwa huna kitu.

Hapo ndipo namjibu rafiki yako wa tarehe ya uongo. Anachokitafuta, nafasi ya kupumua, ni kizuri, ila anakiweka mahali pabaya. Ukitangaza kwamba unafunga tarehe 30 Novemba kisha watu wakakuona unapokea oda tarehe 5 Desemba, wamejifunza kwamba tarehe zako ni za kutishia. Mwaka ujao hata ile ya kweli hawataijali, na watakaoumia ni wale wanaokuamini, walioharakisha ilhali jirani zao walikuja wiki moja baadaye wakapata. Akiba ikae kati ya meza yako na msafirishaji, mahali ambapo haimdanganyi mtu.

Sasa hesabu ya vipande. Tuseme unafungua msimu Jumatatu tarehe 23 Novemba, unafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Kutoka siku hiyo hadi Ijumaa tarehe 11 Desemba kuna siku 17 za kazi. Zidisha kwa 2, una mikoba 34. Toa oda ambazo tayari ziko mezani asubuhi hiyo, tuseme 6, zinabaki 28. Toa 2 kwa ajili ya kurudia kazi, maana jina likikosewa au ngozi ikitokea na kovu ambalo hukuliona, unaanza upya na siku zinakwenda. Zimebaki nafasi 26. Hizo ndizo unazouza. Ukilinganisha na 61 utasikia uchungu, lakini kumbuka zile 23 za tofauti msimu uliopita hukuziuza kweli. Ulizikopa.

Na tarehe? Mkoba unakaa siku 3. Ukiuanza Jumatano tarehe 9 utatoka Ijumaa tarehe 11. Jumanne tarehe 8 iache kwa kupanga oda za mwisho na majina yake. Funga, basi, Jumatatu tarehe 7 saa 12 jioni. Nakusihi usiandike saa 6 usiku, maana nusu ya wateja wataelewa usiku wa kuamkia tarehe hiyo na nusu ya pili usiku wa kuiaga, na utabishana nao mpaka alfajiri. Chagua saa ambayo hakuna wa kuikosea, na ambayo bado uko macho kujibu.

Tarehe 7 ni mpaka wa mwisho, sio lazima muufikie. Kila jioni fanya hesabu moja: siku za kazi zilizobaki mpaka tarehe 11, mara 2, toa zile 2 za kurudia. Jibu lake ndilo idadi kubwa kabisa ya mikoba isiyomalizika unayoruhusiwa kuwa nayo. Tuseme ni jioni ya Jumamosi tarehe 28 Novemba. Zimebaki siku 11, yaani mikoba 22, ukitoa 2 ni 20. Kama kwenye daftari una mikoba 20 isiyomalizika, msimu umefungwa jioni hiyo, hata kama kwenye ukurasa wako imeandikwa tarehe 7. Kama una 15, unaweza kupokea 5, na ukiandika "zimebaki nafasi 5" hakuna atakayekushtaki kwa kutisha watu, kwa sababu ni kweli. Usiiandike siku ambayo zimebaki 18.

Kabla hujatangaza, hesabu ngozi, vifungo na uzi wa mikoba yote 32, ile 6 ya mezani na 26 ya nafasi, pamoja na ya ziada kidogo. Wauza vifungo nao wana msimu wao. Kisichokuwepo kabatini usikihesabie nafasi.

Kuhusu maneno ya kuwaambia wateja, tenganisha vitu viwili ambavyo wauzaji huvisaga pamoja: siku utakayokabidhi mzigo, na siku mzigo huo utakapofika. Ya kwanza iko mikononi mwako, iahidi kwa tarehe. Ya pili iko kwa msafirishaji, itaje kama makadirio, kutoka siku fulani hadi fulani. Ile "siku 7" ya mwaka mzima ilivichanganya vyote, kwa hiyo mzigo ukichelewa barabarani anayeonekana mwongo ni wewe. Na eleza lini oda inahesabika. Aliyekuuliza rangi gani zipo tarehe 2 na akalipa tarehe 9 atakuapia kwamba alikuwa ameshaagiza.

Ningeandika hivi, na kuubandika juu kabisa:

> Oda za mikoba yenye jina kwa ajili ya sikukuu zinafungwa Jumatatu tarehe 7 Desemba saa 12 jioni, au nafasi 26 zikijaa kabla ya hapo. Oda inahesabika ukishalipa na kuniandikia jina litakalopigwa. Nitaukabidhi mkoba wako kwa msafirishaji si zaidi ya Jumanne tarehe 15 Desemba. Kuanzia hapo mizigo mingi ya msimu hufika ndani ya siku 3 hadi 6 za kazi, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Michache huchelewa zaidi. Kama una siku maalumu unayouhitaji, niambie kabla hujalipa.

Sentensi ya mwisho usiione ndogo. Dada yule wa mama yake huenda hakuwahi kuulizwa. Ukimuuliza mteja "unauhitaji lini mkononi?" kabla ya malipo, unapata fursa ya kusema hapana wakati hapana haimuumizi mtu. Sheria nazo huliangalia jambo hili. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, muuzaji asiyetaja muda anahesabiwa siku 30. Lakini mnunuzi akiwa alisema kabla ya makubaliano kwamba siku fulani ndiyo ya lazima, na muuzaji akaikosa, ana haki ya kuvunja makubaliano papo hapo. Marekani inakwenda mbali zaidi: muuzaji wa mbali anayetaja muda wa kutuma anatakiwa awe na msingi wa maana wa kuutaja, na akichelewa aombe ridhaa ya mnunuzi au arudishe fedha. Popote ulipo, huo ni utaratibu mzuri wa kujiwekea.

Rafiki yako wa pili anaogopa kwamba tarehe itafukuza wateja. Itawafukuza baadhi, sikatai. Yule anayetaka mkoba wenye jina tarehe 18 Desemba atakwenda kwingine, na aende, kwa sababu hukuwa na mkoba wa kumpa. Ila usifunge mlango mzima. Tarehe 7 ni ya mikoba yenye jina. Kama una mikoba michache iliyokwisha tengenezwa, isiyo na jina, hiyo haina siku 3 za mezani, kwa hiyo unaweza kuipokelea oda mpaka Jumatatu tarehe 14 jioni, ukaikabidhi kesho yake. Na anayeweza kuja kuchukua mwenyewe hamhitaji msafirishaji kabisa. Hizo ni tarehe tatu tofauti, ziandike zote tatu, kila moja na bidhaa yake. Wanaobaki wape oda ya baada ya sikukuu, kwa maneno yasiyo na kona: "Huu utatoka kwangu wiki ya pili ya Januari. Unakubali?" Subiri aandike ndiyo. Kunyamaza kwake usikuchukulie kuwa ndiyo.

Watakuja wenye vilio. "Dada, ni mmoja tu." Hapo jibu moja ndilo linalotuponza sisi wauzaji, nalo ni "nitajitahidi". Wewe umelisema ukimaanisha huenda, yeye amelisikia kama ndiyo na ameshamwambia mama yake. Andika badala yake: "Nafasi za kabla ya sikukuu zimejaa. Nina mkoba wa kahawia usio na jina, tayari, nautuma kesho. Au nikuandikie wa Januari?" Hilo ni jibu kamili, na wengi watachagua kimojawapo.

Kuhusu wanaotaka kulipa zaidi, hesabu ya jioni haina kipengele cha fedha. Ukimwingiza mmoja juu ya 20 zako, kuna mtu aliyelipa tarehe 24 Novemba ambaye umemsogeza nyuma bila kumwambia. Kama unataka kuuza haraka, iuze kwa mpango: kati ya nafasi 26 tenga 3 tangu siku ya kwanza, uzitangaze kuwa ni za dharura na za gharama ya juu, zifungwe tarehe 7 saa 12 jioni kama nyingine, na wengine wapate 23. Zisipouzwa kufikia tarehe 5, zirudishe kwenye nafasi za kawaida. Hapo hujamnyang'anya mtu zamu yake. Msafirishaji wa haraka ni jambo jingine. Huyo anaweza kufupisha zile siku 6, lakini hawezi kukausha rangi, kwa hiyo mteja akimlipia, kinachobadilika ni siku ya kufika tu. Mwambie hivyo wazi, maana wengi hudhani wamelipia na meza yako.

Pamoja na yote haya, kuna siku hesabu itakataa. Utaumwa siku mbili, au ngozi itakuja na madoa. Utaijua mapema ukiwa unafanya ile hesabu ya jioni: mikoba isiyomalizika imezidi namba unayoruhusiwa. Usisubiri tarehe 15 ndipo uanze kuandika. Tazama waliolipa mwisho, kwa idadi iliyozidi, waandikie jioni hiyo hiyo. Kama umezidi kwa 3, ni watu 3 tu, hakuna haja ya kuwatia hofu wote 26:

> Habari, mkoba wako nilikuahidi kuukabidhi kwa msafirishaji tarehe 15. Nimepoteza siku mbili kwa ugonjwa na sasa utatoka tarehe 18, kwa hiyo sitegemei ufike kabla ya sikukuu. Una njia tatu: nikurudishie fedha yote leo, nikupe mkoba ulio tayari usio na jina ambao naweza kuukabidhi kesho, au usubiri huu. Naomba unijibu kabla ya kesho saa 6 mchana. Nisipopata jibu nitakurudishia fedha.

Tazama mambo yaliyomo: tarehe mpya moja, sababu kwa sentensi moja, njia za kuchagua, na kitakachotokea asipojibu. Usimwandikie barua ya maombolezo. Mteja anayehangaika na zawadi anataka kujua kama aende kutafuta nyingine leo, na kila siku unayochelewa kumwambia unampunguzia nafasi ya kuipata. Tarehe mpya nayo iongezee siku moja juu ya ile unayoidhani. Mtu husamehe kuahirishwa mara moja. Mara ya pili umeshakuwa fundi wa njoo kesho.

Mzigo uliokwama kwa msafirishaji ni habari tofauti. Wewe ulikabidhi tarehe 15 kama ulivyosema, na una risiti yenye tarehe na saa. Siku unapokabidhi, mtumie mteja picha ya risiti hiyo na namba ya kufuatilia mzigo. Mkoba usipofika kufikia siku ya 4, anza kuuliza wewe kabla hajauliza yeye. Kwa hesabu yetu hiyo ni Jumatatu tarehe 21, bado kuna siku mbili za ofisi kufunguliwa kabla ya tarehe 23. Ukingoja mpaka siku ya 6, ofisi zitakuwa zinakaribia kufungwa na hutapata wa kukujibu.

Mwaka huu tenga ukurasa wa daftari wenye safu nne: siku oda ilipolipwa, siku mkoba ulipotoka mezani, siku ulipokabidhiwa, siku ulipofika. Safu ya mwisho ndiyo watu husahau, kwa sababu mkoba ukishaondoka akili inahamia kwenye unaofuata. Muulize kila mteja, hata wale walionyamaza kwa furaha. Ukiandika za waliolalamika peke yao, mwaka ujao utafunga oda mapema kuliko inavyohitajika, na ukiandika za walioshukuru peke yao, utachelewa kufunga. Na tarehe 7 ikishapita saa 12 jioni, ondoa tangazo lile siku hiyo hiyo, uweke la Januari. Mtu akilikuta bado limebandikwa tarehe 10, atalipa.